Uzi: Nataka kuomba kikundi tubadili mpangilio wa kupokea mchezo katikati ya mzunguko, nilianzeje?

sindano_uzi
Habari wakuu. Tuko 12 kwenye mchezo, kila mwezi kila mtu anatoa elfu kumi, anayepokea anaondoka na laki na ishirini, na ya kwake ikiwemo humo humo. Namba tulizichagua kwa vikaratasi siku ya kwanza, daftari likapita kila mtu akasaini. Mpaka sasa wamepokea wanne, mwezi ujao ni zamu ya namba 5. Sasa kuna mwanachama ni namba 10 ana shida ya kweli, na mimi naona ni bora tuachane na namba tuwe tunampa mwenye shida zaidi mwezi huo. Nataka kulileta Jumapili kwenye kikao tupige kura, wengi wakikubali tumemaliza. Nilianzeje ili watu wasione nawavurugia mchezo?

chapakazi
Kura tu dada, wengi wape. Mko 12, wakinyoosha mkono saba habari imeisha, hao wengine watafuata.

Mama Watatu
Sisi kwetu hakuna shida hiyo, mwenye shida anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake anarudisha kidogo kidogo na mwisho wa mwaka tunagawana faida. Kwani nyie mkopo wenu una riba kiasi gani?

mtu_wa_mwisho
@Mama Watatu mama yangu hicho unachosema ni kikoba, pesa inakaa kwenye sanduku. Hawa wanacheza mchezo, pesa haikai hata siku moja, inaingia inatoka. Hakuna hisa wala mkopo.

Mama Watatu
Aaah sawa nimekuelewa, nilisoma haraka. Basi hapo wasubiri zamu tu.

kijumbe_mkongwe
Nimekuwa kijumbe zaidi ya miaka kumi na nne, niseme kidogo. mtu_wa_mwisho anasema hakuna mkopo na Mama Watatu naye kakubali, lakini mkopo upo, ila hauandikwi. Chukua daftari lako dada tuhesabu. Miezi minne imepita, kila mtu katoa elfu arobaini. Wale wanne waliopokea kila mmoja kashika laki na ishirini, ukitoa arobaini yake unabaki na themanini. Themanini mara nne ni laki tatu na ishirini. Sasa geukia wale wanane ambao hawajapokea, kila mmoja kaweka arobaini hajaona kitu, arobaini mara nane ni laki tatu na ishirini hiyo hiyo. Kwahiyo leo hii mna wadaiwa wanne na wadai wanane, na mnakutana Jumapili mnakaa duara moja mnasalimiana kana kwamba wote mko sawa.

Ndio maana nampinga @chapakazi. Ukiitisha kura ya watu 12, wale wanne wanapigia kura kitu kisichowagusa. Wao wameshakula mkupuo wao, nani anafuata haiwasumbui. Wanne hao wakiungana na watatu tu unapata saba, na watano ambao pesa yao iko nje wanaburuzwa. Kubadili zamu katikati ya mzunguko ni jambo la wale ambao hawajapokea, na zaidi ya hapo ni la yule anayerukwa. Kila anayesogezwa nyuma lazima akubali yeye mwenyewe kwa mdomo wake, asisemewe na wengi.

chapakazi
Kijumbe sasa ukisema kila mtu akubali si hakuna kitakachobadilika milele? Mtu mmoja mkaidi anawashika wote.

kijumbe_mkongwe
Wote hawahusiki, ni yule anayerukwa tu. Na huyo unayemwita mkaidi kaweka pesa yake miezi minne kwa sababu ya lile karatasi alilochomoa siku ya kwanza. Hilo karatasi ndio mkataba wake.

Babu Daftari
Hoja ya kuachana na namba kabisa iogope mwanangu. Tulijaribu. Kila mwezi kikao kikawa mashindano ya shida, huyu mgonjwa, huyu kodi, huyu msiba. Mwenye aibu hasemi shida zake, anabaki mwisho, na mwenye ulimi mtamu anapokea mapema. Kuna mama mmoja mpole sana alitoa miezi yote bila kuomba kitu, akapokea wa mwisho, alafu mwezi ule ule wawili wakachelewa kutoa. Nilimpelekea mkupuo umepungua, alihesabu mara mbili akanyamaza, akazifunga kwenye kitambaa chake akaingia ndani. Mpaka leo nikikutana naye naona soni.

hesabu_kali
Mimi nimelipenda swali ila mwenye uzi changanua, unaomba vitu viwili. Kimoja ni kubadili utaratibu wote, cha pili ni kumsogeza namba 10 mara moja. Cha pili kina njia mbili na watu huwa wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni kusukuma: namba 10 anakuwa wa 5, alafu wa 5 anakuwa wa 6, wa 6 wa 7, mpaka wa 9 anakuwa wa 10. Watu watano wanachelewa mwezi mmoja mmoja. Njia ya pili ni kubadilishana: wa 10 na wa 5 wanapeana nafasi, wengine hawaguswi, ila namba 5 anachelewa miezi mitano peke yake. Angalia vizuri, zote mbili ni miezi mitano ya kuchelewa. Haipotei, lazima mtu aibebe. Mmoja aibebe yote au watano wagawane.

Kaka Mpole
Kusukuma ndio utu, mwezi mmoja nani atalalamika?

mtu_wa_mwisho
Nitalalamika mimi! Mwezi mmoja ni mdogo ukiwa hujapanga kitu. Mimi niliwahi kuwa namba 7, nimeshamwahidi fundi tarehe, nimeshaongea na mwenye mbao, nasogezwa mwezi mmoja wa "utu", fundi akapata kazi nyingine akaondoka na nikakaa bila paa miezi mitatu. Bora kubadilishana na mtu mmoja aliyeridhika kuliko kusumbua watano ambao wamenyamaza tu kwa aibu.

Kaka Mpole
Pole mkuu. Lakini wewe si jina lako mtu_wa_mwisho, ulishazoea kusubiri 😂

mtu_wa_mwisho
Siku hizi nachagua mwenyewe namba ya mwisho. Nikipokea mwanzo najua zitaisha bila kazi, alafu miezi yote iliyobaki natoa kwa kununa. Nikiwa wa mwisho naweka akiba kwa lazima na sina hasara, pesa yangu yote inarudi.

hesabu_kali
Uko sahihi nusu. Kwa hesabu ya noti inarudi yote. Ila elfu kumi uliyotoa mwezi wa kwanza na elfu kumi unayopokea mwezi wa kumi na mbili hazinunui kitu kile kile kama bei zimepanda. Na kuna hatari nyingine, wote wakishapokea kabla yako wewe ndio umebaki unategemea watu 11 ambao hawana tena wanachongojea kwenye mchezo. Kuna wachumi watatu, Besley, Coate na Loury, waliandika mwaka 1993 kuhusu michezo hii hii, wakaonyesha kwamba kila mwanachama anafikia mkupuo mapema kuliko angeweka mwenyewe nyumbani, isipokuwa wa mwisho tu. Yeye anafika siku ile ile ambayo angefika peke yake.

mtu_wa_mwisho
Nyumbani peke yangu nisingefika mkuu, ningeshazila. Hao wachumi hawanijui 😄

Dada Kikapu
@sindano_uzi samahani kuuliza, huyo namba 10 ni wewe?

sindano_uzi
Ni mimi. Nisameheni sikusema mapema, niliogopa mtaona nimekuja kujitetea. Mimi ni fundi cherehani, na katibu wa kikundi pia, ndio maana naona aibu zaidi. Mota ya cherehani yangu imeungua, naazima ya jirani usiku akishafunga yeye, nashona mpaka saa nane, asubuhi narudisha kabla hajaamka. Nguo za watu nimepokea na hela ya mwanzo nimekula. Nikipokea mwezi wa 10 wateja watakuwa wameshahama. Cherehani ninayoitaka ni zaidi kidogo ya nusu ya mkupuo.

Dada Kikapu
Pole sana mdogo wangu. Basi usiende kikaoni na "tubadili utaratibu", utaonekana umejificha nyuma ya sheria. Sema wewe mwenyewe kwamba unaomba nafasi.

kijumbe_mkongwe
Dada Kikapu kanena. Na kwa vile wewe ni katibu daftari liko mkononi mwako, usiguse mstari hata mmoja kabla hawajakubali.

Sasa nikuambie watakachokiwaza hata kama hawatakisema. Ukipokea mwezi wa 10 utakuwa umeshatoa laki, deni lako kwa wenzio ni elfu ishirini tu. Ukipokea mwezi wa 5 utakuwa umetoa hamsini, deni ni sabini. Kwahiyo hujaomba kusogezwa tu, umeomba wakuamini kwa elfu hamsini zaidi. Ukija kukwama mwezi wa sita, kuanzia hapo kila mkupuo unapungua elfu kumi kwa miezi saba, na wanaoumia ni hao saba ambao bado. Ubaya mkubwa uko nyuma yake, maana mmoja akiacha kutoa na hakufanywa kitu, wale wanne wa mwanzo nao wanaanza kusema "kwani mimi ndio mjinga". Michezo mingi niliyoona ikifa ilikufa hivyo, hakuna aliyeiba, ni mmoja aliachwa alafu wengine wakamfuata.

Kwahiyo nenda na mdhamini. Na mdhamini asiwe mtu aliyeshapokea, huyo maneno yake hayana kitu nyuma. Awe wa 11 au wa 12, mkupuo wake bado uko mbele. Anasaini kwamba ukikwama deni lako linakatwa kwenye mkupuo wake. Sabini inaingia ndani ya laki na ishirini bila shida. Ukimpata mtu wa kukusainia hivyo, hao wengine hawana cha kuhofia.

chapakazi
Na asipompata?

kijumbe_mkongwe
Hapo ameshajibiwa.

Babu Daftari
Kali hiyo. Mimi naona umuulize kwanza namba 5 pembeni kabla ya kikao. Ukimuuliza mbele ya watu 11, na wewe umeshaeleza habari ya cherehani, atasema ndiyo kwa sababu ya macho ya watu, akifika nyumbani atakuchukia.

Pembe ya Jamvi
Pembeni hapana jamani, mimi pembeni ndio iliniponza. Tulibadilishana mimi na mwenzangu, mimi wa 3 yeye wa 8, kwa simu tu, kijumbe hakuambiwa. Mwezi wa tatu nikapokea mimi kama daftari linavyosema nikamkabidhi mwenzangu mkononi mlangoni kwake, hata sikuingia ndani. Mwezi wa sita akaacha kutoa. Mwezi wa nane naenda kudai zamu yake wakanifungulia daftari: Pembe, namba 3, ameshapokea, saini yangu hii hapa. Na namba 8 ni mdaiwa, hana zamu mpaka alipe. Nilitoa miezi yote 10 ya mchezo wetu bila kupata hata mia. Kijumbe alinijibu "mimi nafuata kilichoandikwa" na nikifikiria sana hakukosea.

kijumbe_mkongwe
@Pembe ya Jamvi pole. Hakukosea kweli. Babu na wewe mnaweza kuwa sahihi wote: swali liulizwe pembeni, jibu liandikwe kikaoni. Na wakati wa kuandika msifute kwa kalamu juu ya kalamu, pigeni mstari mmoja unaosomeka, chini yake andikeni tarehe, nani kaenda wapi, na hao wawili wasaini upya, na mdhamini. Kila mtu apige picha ukurasa ule abaki nao kwenye simu yake.

hesabu_kali
Mwenye uzi kasema anachohitaji ni zaidi kidogo ya nusu ya mkupuo. Mbona tunazungumzia mkupuo mzima? Kuna njia ya katikati, gawaneni. Mwezi wa 5 namba 5 anachukua sitini na wewe sitini, mwezi wa 10 mnarudia hivyo hivyo. Kwa mwezi wa 5 wewe umetoa hamsini umepokea sitini, deni lako ni elfu kumi tu badala ya sabini. Namba 5 naye hivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja tu hamdaiwi na mtu, na kuanzia wa saba nyie ndio mnadai. Hapo hata mdhamini hauhitajiki sana, na namba 5 hajabaki mikono mitupu.

kijumbe_mkongwe
Hii sijawahi kuifanya lakini hesabu imekaa. Naiba.

Kaka Mpole
Ila namba 5 kama alitaka mkupuo mzima kwa kitu kimoja, nusu itamsaidia nini? Hapo wote wawili wamebaki na nusu ya kitu.

sindano_uzi
Namba 5 ni mama wa makamo, anasemaga anataka kujaza bidhaa kwenye meza yake, kwahiyo pengine anaweza kujaza kwa awamu. Cha kupungukia ningeongezea kwa kuuza ile mota mbovu kama chuma. Nimwahidi chochote kwa kunisaidia? Nilifikiria nimpe elfu tano ya asante.

Dada Kikapu
Mpe. Kungoja miezi mitano na pesa yake nusu si mchezo, ana haki ya kupata kitu. Kuna vikundi wananunua namba waziwazi, anayetaka mapema anakubali kupokea pungufu na ile iliyopungua wanagawana waliosubiri.

Pembe ya Jamvi
Hiyo ni riba dada yangu. Mimi mchezo niliingia kwa sababu hauna riba, mnatoa sawa mnapokea sawa. Ukishalipia kungoja umeharibu.

Dada Kikapu
Zawadi sio riba.

Pembe ya Jamvi
Ikishapangwa kabla sio zawadi. Mshonee nguo bure siku nyingine bila kumwambia leo, hapo sawa.

hesabu_kali
Mimi hapo sitaamua, ila nina wasiwasi mwingine. Zikianza kununuliwa namba, mwenye shida kubwa ndiye anayepokea pungufu kuliko wote, na yule asiye na shida anakusanya. Hata hao wachumi niliowataja walisema kama wanachama wamefanana mahitaji, kura ya vikaratasi inawafaa kuliko mnada. Wakiwa tofauti sana ndio mnada unaweza kushinda.

Dada Kikapu
Sasa hapa hawajafanana, mmoja cherehani imekufa. Umenisaidia mimi hapo 😄

chapakazi
Mimi nimekubali yaishe ya kura. Lakini swali, kwa mzunguko ujao si tungegeuza tu orodha, wa 12 awe wa 1, wa 1 awe wa 12? Haki kabisa, aliyesubiri sana anaanza.

kijumbe_mkongwe
Kwa masikio ni haki. Hesabu sasa. Namba 1 alipokea mwezi wa kwanza, atapokea tena mwezi wa 24, amekaa miezi 23 anatoa tu. Wa 12 anapokea mwezi wa 12 na wa 13 mfululizo, ana mikupuo miwili mkononi na katika mzunguko mpya ametoa elfu kumi tu. Wa kwanza anakuaga mapema hataki mzunguko wa pili, na wa 12 ndio unamuombea Mungu arudi mwezi wa 14.

mtu_wa_mwisho
Mimi ningerudi jamani.

kijumbe_mkongwe
Wewe ndio. Mimi huwa nachanganya vikaratasi upya, ila aliyepokea miezi mitatu ya mwisho hawekwi mitatu ya mwanzo, na aliyekuwa wa kwanza haendi chini ya 8. Mwanachama mgeni yeye hapati nusu ya kwanza kabisa, tumjue kwanza.

Babu Daftari
Hilo la mgeni tunagombana nalo mpaka leo. Wageni wanasema mbona tunakopeshwa imani ya sifuri na sisi tunatoa sawa na nyie. Na mimi nawaelewa.

sindano_uzi
Narudi kuwapa mrejesho. Nilienda kwa namba 5 leo jioni, sikumwambia habari ya kikao kwanza, nilimkuta anapanga meza yake nikamsaidia kufunika turubai. Nikamweleza habari ya nusu kwa nusu, nikamchorea kwenye karatasi, mwezi wa 5 sitini sitini, mwezi wa 10 sitini sitini. Aliliangalia sana. Akauliza "na mwezi wa kumi nikienda kuchukua hiyo nyingine nitaikuta?" Nikamwambia nimeshaongea na namba 12 yuko tayari kusaini. Akasema mzigo wake ameshaagiza nusu, ya nusu nyingine ataongea na anayemletea kama atakubali kungoja, jibu atanipa Jumapili kabla hatujaingia ndani. Elfu tano sikuitaja kabisa @Pembe ya Jamvi. Karatasi ameng'ang'ania abaki nalo.

Dada Kikapu
Kabaki na karatasi, dalili nzuri hiyo.

Pembe ya Jamvi
Nzuri, lakini mpaka lihamie kwenye daftari. Ukitoka Jumapili tuambie.

sindano_uzi
Nitawaambia. Sasa naenda kuchukua cherehani kwa jirani, ameshafunga.